Mke yuko wodini Dodoma, kazi iko Dar: barua niliyomwandikia mwajiri

Jumanne ya tarehe 8 Julai 2025 nilirudi ofisini kutoka mahakamani Kisutu nikiwa na habari nzuri kwenye daftari, nikakuta bahasha ya khaki juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye muhuri wa idara ya utumishi. Ilisema kwamba kati ya tarehe 4 Juni na tarehe 4 Julai sikuonekana kazini kwa siku 8, na kwamba nina saa 48 za kujieleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu.

Wadau, nilikasirika. Chumba kizima cha habari kilijua mke wangu amelazwa Dodoma. Mhariri wangu alijua. Dada wa mapokezi alikuwa akiniuliza hali ya mgonjwa kila asubuhi kabla hata sijaweka begi chini. Mlinzi wa getini alishanipa elfu tano "ya juisi ya shemeji". Sasa huyu aliyeandika barua, yeye anaishi wapi?

Kumbe kweli hakujua. Kila nilipoondoka nilimtumia mhariri ujumbe wa simu: "Kaka, nimepata dharura, niko njiani Dodoma." Naye akanijibu: "Pole sana mdogo wangu, nenda." Basi. Mhariri alidhani nimeandika utumishi. Mimi nilidhani ruhusa ya mhariri inatosha. Utumishi wakaona jina langu halina saini kwenye daftari la mahudhurio. Watu watatu, hakuna aliyesema uongo, na jina langu likaingia kwenye orodha ya watoro.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Tangu wizara zihamie Dodoma, ndoa nyingi za watu wa rika letu zimekaa hivi, mmoja Dar na mwingine Dodoma. Na treni ya mwendokasi, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, imeleta kitu kipya. Zamani, kwa basi, ulipoteza siku nzima njiani, kwa hiyo mtu akiuguliwa aliomba likizo ya wiki moja au mbili na kila mtu ofisini akajua. Sasa unatumia saa tatu na nusu hivi. Unaondoka jioni, unalala kwenye benchi la wodi, kesho yake unaonana na daktari, unarudi. Siku moja hapa, siku mbili pale. Hakuna hata moja inayoonekana kubwa kiasi cha kuandikia barua. Lakini zikijumlishwa mwisho wa mwezi zinafanana kabisa na za yule jamaa anayeamka na uchovu kila Ijumaa.

Usiku ule nilifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikiwa na uhakika nitapata kifungu cha kumpiga nacho afisa utumishi. Mimi ni mwandishi wa mahakama, vifungu ndiyo ugali wangu. Nilichokuta kilininyamazisha.

Sheria ile inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa matukio ya kifamilia. Matukio yenyewe yametajwa: mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi wako, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rudia kusoma polepole. Mtoto akiugua, yumo. Mke akifariki, yumo. Mke akiugua, hayumo. Na hizo siku 4 zenyewe ni za mzunguko wa likizo wa miezi 36, hata matukio yawe matano. Likizo ya ugonjwa nayo, siku 126 katika mzunguko huohuo, ni kwa ugonjwa wako wewe. Mwenzako akilazwa, huna siku hata moja yenye malipo ambayo ni haki yako kwa sababu hiyo.

Upande wa pili nikakuta kitu cha kutisha zaidi. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya sheria hiyo mwaka 2007 zinataja, miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. Mimi nilikuwa na 8. Kilichobaki kunitenganisha na mlango ni hayo maneno "ruhusa" na "sababu inayokubalika". Ruhusa yangu ilikuwa ndani ya simu ya mhariri. Sababu yangu ilikuwa imekubalika kwa mlinzi wa getini.

Kwa hiyo barua ilikuwa ndiyo kila kitu. Na barua ya kwanza niliyoandika, kwa hasira, ilikuwa mbaya kweli. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kama tulivyofundishwa kidato cha pili, kisha ikaeleza kwa kurasa mbili ugonjwa wa mke wangu tangu siku alipoanguka bafuni: vipimo, dawa, damu, majina ya madaktari. Katikati nililalamika kwamba nimeitumikia kampuni miaka mitatu bila onyo. Mwishoni nikaandika, "Hivyo naomba uongozi unielewe katika kipindi hiki kigumu." Nikaona nimemaliza kazi.

Nilimsomea mke wangu kwenye simu. Alinyamaza, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Hiyo barua inakaa kwenye faili la nani?" La kwangu, nikamwambia. "Sasa mimi damu yangu inafanya nini kwenye faili lako?" La pili lilikuwa gumu zaidi: "Wakishakuelewa, unataka wafanye nini?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, hilo ndilo tatizo la barua nyingi za namna hii. Zinaomba kueleweka. Afisa utumishi hana kisanduku cha kuweka "nimemwelewa". Ana visanduku vya kuandika siku hii ni likizo ya mwaka, hii ni likizo bila malipo, hii ni zamu iliyobadilishwa, hii ni utoro. Usipomwambia siku zako ziingie kisanduku gani, ataziacha pale zilipo, kwenye utoro. Si kwamba ana roho mbaya, ila hana pengine pa kuziweka.

Na kumbe sheria ileile ina mlango mdogo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mwajiri akikupa siku za dharura zenye malipo kwa maombi yako mwenyewe, anaruhusiwa kuzipunguza kwenye hizo 28. Maana yake mwajiri hapati hasara ya siku hata moja, wewe unalipia dharura kwa mapumziko yako. Haifurahishi, lakini ni kitu ambacho mkuu wa utumishi anaweza kutia saini bila kupanda kwa mkurugenzi.

Hii hapa barua niliyopeleka. Nimeondoa majina tu.

*

Mkuu wa Idara ya Utumishi,
Kupitia kwa: Mhariri wa Habari.
9 Julai 2025

YAH: MAELEZO YA SIKU 8 ZA KUTOKUWEPO KAZINI, NA OMBI LA UTARATIBU WA WIKI 4

Najibu barua yako ya tarehe 8 Julai 2025.

Mke wangu amelazwa katika hospitali ya rufaa mjini Dodoma tangu usiku wa tarehe 3 Juni. Mimi ndiye ndugu wa karibu aliyeandikishwa hospitalini, na kuna maamuzi ya matibabu ambayo madaktari wanataka niwepo. Nimeambatisha uthibitisho wa wodi kwamba amelazwa, pamoja na tiketi zangu za treni. Naomba maelezo ya ugonjwa wenyewe yabaki kati yake na madaktari wake.

Siku ambazo sikuwepo ni hizi: Jumatano tarehe 4 na Alhamisi tarehe 5 Juni, Ijumaa tarehe 13 Juni, Alhamisi tarehe 19 na Ijumaa tarehe 20 Juni, Jumatatu tarehe 30 Juni, Alhamisi tarehe 3 na Ijumaa tarehe 4 Julai. Kwa siku 7 kati ya hizo nilimtaarifu Mhariri wa Habari kabla ya kuondoka, lakini sikuandika kwa idara yako. Tarehe 30 Juni sikumtaarifu mtu yeyote hadi saa 6 mchana. Hilo ni kosa langu na naomba radhi.

Naomba siku hizo 8 zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, ambayo zimebaki siku 14.

Madaktari wanatarajia mke wangu abaki wodini kwa takriban wiki 4 zaidi. Kwa kipindi hicho, kuanzia tarehe 11 Julai hadi tarehe 3 Agosti, naomba kubadilisha zamu: nisiwepo kila Ijumaa, na badala yake nifanye zamu ya jioni kila Jumapili. Mwandishi mwenzangu wa dawati la mahakama amekubali kushika kesi za Ijumaa, na Mhariri wa Habari ameiona ratiba hiyo. Naomba pia siku 2 za akiba kwa dharura, nazo zikatwe kwenye likizo ya mwaka. Nikizitumia nitakutaarifu wewe na Mhariri kwa maandishi kabla ya saa 2 asubuhi ya siku hiyo.

Mke wangu akiruhusiwa mapema, nitaandika siku inayofuata na utaratibu huu utakoma.

Nipo tayari kuja kueleza ana kwa ana.

*

Ni hiyo tu. Ukurasa mmoja. Sasa niseme kwa nini baadhi ya vitu vimo na vingine havimo, maana kila kimoja tuligombania, mimi na mgonjwa wangu.

Uthibitisho wa wodi ulinisumbua. Mtu akiumwa mwenyewe, daktari anamwandikia karatasi ya mapumziko na mjadala unaisha. Anayeuguza hana karatasi hiyo, kwa sababu haumwi. Jamaa mmoja alinishauri nimwone "mtu wake" pale zahanati aniandikie malaria ya siku 8. Nawaapia, nilifikiria dakika nzima. Lakini angalia hesabu yake. Kosa la kutokuwepo lina utetezi, kwa sababu nina sababu ya kweli. Karatasi ya kughushi haina utetezi wowote, na ningekuwa nimebadilisha sababu nzuri kwa uongo mbaya. Nilichofanya ni kumwomba muuguzi kiongozi wa wodi aandike mistari mitatu: mgonjwa fulani amelazwa hapa tangu tarehe fulani, na huyu ndiye ndugu wa karibu aliyeandikishwa. Hakuna jina la ugonjwa. Alitaka kwanza mgonjwa mwenyewe akubali, na alikuwa sahihi.

Tarehe zote nilizitaja moja moja kwa sababu utumishi walikuwa nazo tayari. Ukisema "siku chache" na wao wana 8 mkononi, kila unachosema baada ya hapo kinapunguzwa bei. Tarehe 30 Juni nayo nilitamani kuifunika. Simu iliishiwa chaji usiku, nikapitiwa na usingizi kwenye kiti, nikaamka treni imeshaondoka. Ningeweza kuieleza vizuri na kwa huruma nyingi. Mke wangu akasema andika kosa, omba radhi, nenda mbele. Baadaye afisa utumishi aliniambia kwamba alipofika kwenye mstari huo ndipo alipoacha kukagua zile 7 nyingine.

Kuna aya moja haikufika. Nilikuwa nimeahidi kwamba nikiwa Dodoma nitaandika habari za huko, Bunge lipo, wizara zipo, kompyuta ninayo. Nilidhani ndiyo turufu yangu. Mke wangu akaikata. "Ulishakuja mara moja na hiyo kompyuta," akasema. "Daktari anaongea, wewe unatafuta mtandao. Kama unakuja kufanya kazi, baki huko huko." Ilinichoma, lakini hata kwa upande wa mwajiri ilikuwa ahadi ya hatari. Siku ambayo ningeshindwa kuitimiza, na ningeshindwa, ningekuwa nimeongeza kosa jipya juu ya yale ya zamani. Zamu ya Jumapili naweza kuionyesha: niko kwenye kiti au sipo.

Na huyo mwenzangu wa dawati la mahakama nilimwomba kabla ya kuandika jina la kazi yake kwenye barua. Ukiandika "wenzangu watanisaidia" bila kuwauliza, mwajiri anasoma kwamba tatizo lako umeligawa kwa watu wengine, na wenzako wanasikia habari hiyo kwenye korido.

Matokeo? Sikushinda kila kitu. Siku 7 zilikatwa kwenye likizo ya mwaka. Tarehe 30 Juni wakaikataa, ikawa siku bila malipo, pamoja na onyo la maandishi. Nililipokea, nikatia saini. Ijumaa kwa Jumapili walikubali. Siku za akiba wakanipa 2, nikatumia 1. Mke wangu aliruhusiwa wiki ya tatu, siku ya Jumatano. Alhamisi nikapeleka barua ya mistari miwili kusema utaratibu umekoma na Ijumaa nipo kazini. Afisa utumishi aliisoma mbele yangu akacheka. Akasema tangu aanze kazi hiyo, watu wengi wamemwandikia kuomba ruhusa, ila hakumbuki aliyeandika kuirudisha.

Lakini nisiishie kwenye kucheka, kwa sababu mimi nina mhariri mwenye roho nzuri, nina mkataba wa kudumu, na nilikuwa na siku 14 za likizo zilizobaki. Ondoa kimoja tu kati ya hivyo uone. Mwenzangu mmoja aliyeuguliwa na mumewe mwaka juzi alikuwa ameshamaliza likizo yake Desemba. Hakuwa na kitu cha kukatwa. Alikubaliana na ofisi apewe likizo bila malipo, katika mwezi uleule ambao bili za hospitali zilikuwa zinaingia. Barua yake ingekuwa nzuri kuliko yangu mara kumi, isingeongeza siku hata moja.

Ndiyo maana nasema barua nzuri ni kiraka, na kiraka si nguo. Sheria yenyewe ina tundu, na tundu lenyewe ni la maneno machache. Pale palipoandikwa ugonjwa wa mtoto, paongezwe ugonjwa wa mwenzi. Najua waajiri watasema watu watatumia vibaya, kila mtu ataamka na mke mgonjwa. Lakini sheria hiyohiyo tayari inamruhusu mwajiri kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa siku hizo, na wodi inaweza kuutoa, nimeushika kwa mkono wangu. Na idadi haibadiliki. Hatuombi mwezi mzima. Ni siku zilezile 4, ila mtu aweze kuzitumia mwenzake akiwa bado anapumua.

Maana ilivyo sasa, usiku ule Dodoma, nikiwa kwenye lile benchi na mlango wa wodi umefungwa, sheria ya nchi yangu ilikuwa imenitengea siku 4 zenye malipo endapo daktari angetoka na habari mbaya. Alitoka na habari nzuri. Kwa habari nzuri sikuwa na kitu.

Wewe unayesoma, ofisini kwenu mnafanyaje? Kama mwajiri wako ana utaratibu ulioandikwa kwa mtu aliyeuguliwa na mwenzi, nieleze, nitauweka hapa wengine wauone. Na kama una mgonjwa wodini na huna barua yoyote utumishi, andika leo, kabla bahasha ya khaki haijafika mezani.

Alamsiki.